Nyumba Iko Namna Gani?

Barua ilisomwa uani, mbele ya mlango wa Mama Mbambu, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa pakavu. Milango mingine yote ya nyumba ile ndefu ya Alunguli ilikuwa na madimbwi yake, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeyajaza upya. Wapangaji walileta viti, waliokosa viti wakakalia madumu, na Mwalimu Florentin, mwandishi wa chama chao, akasimama na karatasi yake mkononi kama yuko mbele ya darasa.

"Mutulie," akasema. "Ninasoma pole pole. Pahali muntu hapendi, anyooshe mukono."

Mama Mbambu alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti cha prezida. Walimchagua bila hata kupiga kura, maana wangemchagua nani mwingine? Ni yeye aliyeingia nyumba ile kabla ya wote, zamani za kabla ya vita, yeye na mumewe, wakitokea Butembo na mizigo ya vitenge. Mume vita vilimmeza, vitenge viliisha, yeye akabaki na ligablo lake, kaduka kadogo ka sabuni na chumvi pembeni mwa njia. Tena kila mtu alijua kwamba Mzee Bulaimu, mwenye nyumba, alimheshimu kuliko mpangaji yeyote. Kwa nini alimheshimu, hilo hawakulijua, na yeye hakuwahi kuwaambia.

Florentin akasoma. Aliandika kwa Kiswahili safi cha vitabu, ili Mzee aielewe mwenyewe bila kutafsiriwa Kifaransa na mtu:

"Mheshimiwa Mzee Bulaimu. Jambo: ombi la mkutano wa pamoja kuhusu kodi na matengenezo ya nyumba. Sisi wapangaji wako tunakuandikia bila ugomvi. Kodi imepandishwa mara mbili tangu mvua za mwaka jana, bila mazungumzo na bila kubadilisha mkataba. Wakati huohuo mabati ya vyumba vya upande wa mto yanavuja, ukuta wa nyuma una ufa, na choo kimetitia. Marekebisho madogo ya kila siku ni kazi yetu, na tunayafanya. Paa, kuta na choo ni kazi ya mwenye nyumba. Kwa hiyo tunaomba tukae pamoja, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, hapa uani, ili uone kwa macho yako. Tuzungumze kodi, tuzungumze matengenezo, tukubaliane lipi litangulie. Mpaka siku hiyo kila mmoja ataendelea kulipa kama kawaida. Kama siku hiyo haikufai, utuchagulie nyingine."

Watu wakapiga makofi. Sifa, mama kijana wa chumba cha mwisho, ambaye paa lake lilivuja kuliko yote, alimpandisha mtoto wake begani na kusema hiyo njo barua, siyo mchezo. Florentin akaona haya kidogo, akakohoa, akamalizia mstari wa chini kabisa.

"Kopi kwa taarifa: Ofisi ya Habitat, komini ya Alunguli."

Ofisi hiyo ndiyo ya serikali inayosikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba kabla hazijafika mahakamani. Kisheria Florentin hakukosea hata kidogo. Barua nyingi za Kindu zina mstari kama huo, na wengi huuweka kama wanavyoweka nukta. Lakini Mama Mbambu aliusikia akashtuka, maana alimjua Mzee.

Mzee Bulaimu alikuwa mtu wa nyumba za zamani za Kiislamu za Kasuku, ng'ambo ya mto, na kwa watu wa nyumba zile neno hutangulia karatasi. Unavuka, unapiga hodi, unauliza hali ya miguu yake, unakunywa kahawa yake ya tangawizi, unasema shida yako, na karatasi unaitoa mwisho kabisa, ikiwa tu ni kumbukumbu ya yale mliyokwisha kusemezana. Ukimletea karatasi kabla ya salamu, umemtukana. Na ukiweka jina la serikali chini ya karatasi hiyo, basi umemwambia kwamba wewe na yeye hamjuani tena. Zaidi ya hayo, miaka ya vita, wenye bunduki hawakuvunja duka la Mzee. Walimletea karatasi yenye muhuri, wakabeba kila kitu wakimshukuru kwa ushirikiano. Tangu siku hiyo, muhuri ulimkoroga roho.

"Mama Prezida," Florentin akasema, "weye njo unamujua Mzee. Kuko kitu ya kuondoa?"

Hapa sitamtetea Mama Mbambu. Hakuwa na usingizi, hakuwa na homa, na swali alilisikia vizuri. Angesema tu, ule mstari uondoe mwanangu, na kwanza twende tumusalimie, yangeisha.

"Iko muzuri," akasema Mama Mbambu. "Umuache vile."

Alitaka barua ile ikataliwe. Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake wakati anatia sahihi ya kwanza, juu ya sahihi za wenzake wote, kwa herufi zake kubwa za kike za shule ya masista. Maana mkutano ukifanyika, watu watakaa uani, wataanza kuulizana nani analipa kiasi gani. Na yeye alikuwa analipa kodi ileile ya baada ya vita, ambayo haikufika hata nusu ya kodi ya Sifa.

Haya, turudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo haya yana mzizi.

Mzee Bulaimu aliijenga nyumba ile muda mfupi kabla vita havijafika Kindu. Matofali ya kuchoma, milango ya mbao nzuri, mabati mapya yaliyoletwa na treni kutoka Lubumbashi. Kisha treni ikaacha kuja, mto ukafungwa, mji ukazingirwa. Watu wakala sombe, majani ya muhogo, bila chumvi. Mzee akakimbilia upande wa Kasongo kwa ndugu zake, na wapangaji wakatawanyika mmoja mmoja, mpaka nyumba ndefu nzima ikabaki na Mbambu peke yake, kijana bado, akimngoja mume aliyekwenda kutafuta bidhaa na hakurudi.

Miezi ile wenye bunduki walikuwa wanavua mabati ya watu na kuyauza, na milango wakaifanya kuni za kupikia. Kila asubuhi nyumba nyingine ya jirani iliamka imevuliwa. Mbambu akafikiri, akapanda juu ya paa mchana kweupe na ndoo ya udongo uliochanganywa na majivu na masizi ya sufuria. Akayapaka mabati yote, chumba kwa chumba, na juu yake akatupa makuti yaliyooza. Milango akaipaka mavi ya mbuzi. Wenye bunduki walipofika walitazama juu, wakasema hii takataka imekwisha kuoza, wakapita. Walirudi mara nyingine, mmoja akampiga kwa kitako cha bunduki kwa sababu tu hapakuwa na cha kuchukua, na bega lake la kushoto mpaka leo halipandi sawa. Lakini paa halikutoka.

Amani iliporudi, Mzee Bulaimu akavuka mto akitegemea kukuta kuta. Akakuta nyumba yake nzima, chafu, inanuka, yenye kila bati. Alilia pale uani, mtu mzima na kanzu yake. Ndipo alipoapa.

"Mbambu, mwanangu. Wallahi, kama miye niko muzima na weye uko muzima, loyer yako, hii kodi unalipa, haitapanda. Na hapa kwa nyumba, weye njo macho yangu. Miye nazeeka, mutu wa kuvuka kila siku siko. Penye nyumba inaumwa, unaniambia. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Mapatano yale, basi, yalikuwa na pande mbili. Upande mmoja Mzee aliushika bila kuteleza miaka yote hiyo. Upande wa pili ulikuwa wa Mama Mbambu, na mwanzoni naye aliushika. Choo kilipobomoka mara ya kwanza alisema, kikajengwa. Dirisha lilipooza alisema, likabadilishwa. Kisha Mzee akazeeka kweli, akaacha kuvuka mto, na kazi ya kupokea kodi ikaenda kwa binti yake Mounira, mwanamke wa hesabu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Siku moja, baada ya kulipia ukarabati wa ukuta, Mounira alimtazama Mama Mbambu muda mrefu, kisha akauliza, "Na weye, Mama, ungali unalipa vile vile?"

Akafunga daftari, akaondoka. Lakini Mama Mbambu hakulala vizuri siku zile. Aliona kwamba kila ukarabati unawakumbusha watu wa Kasuku kodi yake ndogo. Basi Mounira alipopita mwezi uliofuata na kuuliza, kama baba yake alivyomwagiza kuuliza kila mwezi, "Mzee anauliza, nyumba iko namna gani?", yeye akajibu, "Nyumba iko muzuri." Na mwezi uliofuata akajibu hivyo hivyo, mpaka likawa jibu la mdomo tu. Mabati yakaanza kuoza kweli, bila masizi ya mtu yeyote. Ukuta ukapasuka. Nyumba ikawa muzuri, muzuri, muzuri.

Barua ikapelekwa. Florentin na Sifa walivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa injini, wakamkuta Mounira mlangoni, wakampa karatasi kwa mikono miwili. Mounira akaisoma wima, akatia sahihi kwenye nakala yao kuonyesha kwamba ameipokea, akawaambia Mzee amepumzika. Walirudi wanafurahi. Florentin aliionyesha ile sahihi kwa kila mtu, hata kwa muuza maandazi wa barabarani asiyekuwa mpangaji.

Jibu lilikuja kabla ya Jumamosi ile. Mounira alilileta mwenyewe, akalisoma wima vile vile, kwa sauti yake ya upole. Mzee hatakuja. Watu waliompeleka kwa serikali kabla ya kumpa salamu hawana haja ya kukaa naye uani. Kodi itabaki ilivyo. Na Bwana Florentin, ambaye mkono wake ndio ulioandika, anapewa notisi ya kuhama, kwa muda unaotakiwa na sheria, kwa kuwa yeye anaipenda sana sheria.

"Miye?" Florentin akauliza. Alikuwa na kitambaa cha ubao begani, ametoka shuleni. "Lakini tulisaini wote. Mama Mbambu njo alisaini wa kwanza."

"Mukono uliandika haiko ya Mama Mbambu," Mounira akajibu, akamgeukia huyo Mama Mbambu kama ilivyo desturi. "Mzee anauliza, nyumba iko namna gani?"

Watu wote walikuwa pale. Sifa alikuwa pale na mtoto mgongoni. Mama Mbambu akafungua mdomo, na kilichotoka, kwa aibu yake, kilikuwa sauti ndogo isiyo neno, na Mounira akaichukua kama jibu na kuondoka zake.

Mvua ya mchana ule haikuwa mvua ya mchezo. Ilianza Mounira alipokwisha kuondoka, na katikati yake kikasikika kishindo upande wa mto. Plafo ya chumba cha Sifa, dari ya mbao laini zilizolowa msimu mzima, ilikuwa imeanguka juu ya kitanda. Bahati mtoto alikuwa mgongoni. Walikimbia na mabeseni, wakatoa godoro linalochuruzika, na Mama Mbambu, kabla hajafikiri, akasema, "Mulete mutoto kwangu. Kwangu ni kukavu."

Kwake ni kukavu. Alilisema mwenyewe. Mabati ya juu ya chumba chake yalikuwa mapya. Mzee aliyabadilisha zamani, siku zile alipokuwa bado anavuka, kwa sababu ya lile bega. Mtoto akalazwa kwenye kitanda chake, akalala fofofo na ngumi zake mbili juu. Sifa akakaa sakafuni kando yake, nguo zikidondoka maji, akamshika Mama Mbambu mkono.

"Mungu akubariki, Mama. Kama si weye sisi hapa tungekuwa yatima."

Ingekuwa heri angemtukana. Mama Mbambu alitoa mkono wake taratibu, akasema anakwenda kutazama sufuria, na hakukuwa na sufuria yoyote jikoni. Alisimama pale, amejishika kiuno, anaona haya mbele ya mafiga matupu. Mlango wa pili alimsikia Florentin akimwambia mkewe watafute chumba upande wa uwanja wa ndege, na mkewe akimjibu garantie, ile pesa ya kutanguliza kwa nyumba nyingine, wataitoa wapi. Mvua ilipokatika alichukua mwavuli, akashuka gatini, akavuka.

Mzee Bulaimu alikuwa barazani kwake, miguu yake iliyovimba juu ya kigoda. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini alimtambua kwa hatua.

"Mbambu. Hatua za bega moja. Karibu, mwanangu. Mounira! Kahawa."

"Salaam, Mzee. Miguu iko namna gani?"

"Miguu inazeeka mbele yangu. Na weye? Na nyumba?" Akatabasamu. "Nyumba iko namna gani?"

Kikombe kilikuja. Aliinywa kahawa yote, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, na kwa kuwa kikombe kikiwa mdomoni mtu hawezi kusema. Kikaisha.

"Nyumba haiko muzuri, Mzee."

Tabasamu la Mzee lilibaki pale pale, kama la mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Haiko muzuri siku nyingi. Mabati ya upande wa mto yameoza. Ukuta umepasuka mupaka mukono unaingia. Choo kimezama. Leo plafo imeanguka juu ya kitanda ya mutoto. Bahati mutoto hakukuwako."

"Lakini Mounira ananiletea neno lako kila mwezi."

"Ananiletea swali, Mzee. Neno nilikuwa ninalidanganya miye. Niliogopa mukitengeneza mutakumbuka loyer yangu."

Mounira, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, hakusogea.

Mzee alishusha mguu mmoja kutoka kwenye kigoda. Kisha, pole pole, akauliza jambo ambalo Mama Mbambu hakulitegemea. "Na ile barua? Ule mustari wa komini?"

"Florentin aliandika. Ni kijana, aliandika vile shule inafundisha. Aliniuliza mbele ya watu kama kuko kitu ya kuondoa. Niliona ule mustari, Mzee. Nilijua utakuchoma. Nikasema aache vile. Nilitaka ukatae."

"Weye uliyenijua."

"Miye niliyekujua."

Mzee aligeuza uso upande wa mto. Mkono wake ulitafuta tasbihi kwenye kanzu, haukuipata, ukaacha kutafuta. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wale wa vita walimwibia duka lakini hawakumwibia macho. Macho aliyaacha Alunguli akijua yako salama. Mama Mbambu alitamani kitako cha bunduki kingine kuliko maneno yale.

Alishuka chini kutoka kwenye kiti, akapiga magoti. "Uniondolee kile kiapo, Mzee. Nilipe sawa na wenzangu. Na Florentin asihame."

"Florentin hatahama. Yeye alikosa adabu, hakukosa haki, na adabu nitamufundisha nikifika. Jumamosi ninakuja, hata kama mutanibeba. Lakini kiapo?" Akatikisa kichwa. "Niliapa kwa Mungu, mwanangu, haikuwa kwako. Weye hauwezi kunirudishia. Utalipa ile ile mupaka mumoja wetu atoke duniani."

"Baba," Mounira akasema kwa mara ya kwanza, na sauti haikuwa ya upole tena. "Umuambie yote. Umuambie ule upungufu tunaujazia wapi."

 Mounira akaweka sinia chini, akamwambia Mama Mbambu yeye mwenyewe, bila kumtazama. Nyumba ile ndiyo inayolipa dawa za Mzee. Kila dawa zilipopanda bei, kodi ilibidi ipande, na kwa kuwa mlango mmoja ulikuwa haupandi, milango mingine ilibebeshwa na sehemu yake. Chumba cha Sifa ndicho kilichobeba zaidi, kwa sababu aliingia mwisho na hakujua bei ya zamani. Mama Mbambu alisikiliza yote akiwa bado magotini. Alikuwa akidhani anakula neema ya Mzee. Kumbe miaka yote ile alikuwa anakula kwa Sifa.

Jumamosi Mzee Bulaimu alivuka. Vijana wa gatini walimbeba kutoka pirogi mpaka juu, wakamweka kwenye pikipiki, na Mounira akatembea kando yake amemshikilia. Wapangaji walisimama wote. Florentin alikuwa ameambiwa desturi ya Mzee, basi alitangulia kusalimia, akauliza hali ya miguu, akaomba radhi kwa karatasi iliyotangulia salamu. Mzee akamwambia akae, notisi imekufa, na siku nyingine aandike na miguu kwanza halafu kalamu. Watu wakacheka, na uani pakawa na hali ya arusi.

Akaongozwa chumba kwa chumba. Kwa kuwa macho hayakuona, alitumia mkono. Aliutia mkono katika ufa wa ukuta, ukaingia mpaka kifundo. Kwa Sifa alisimama chini ya tundu la paa, tone likamwangukia kwenye kofia, akasema, "Astaghfirullah." Kisha akakaa katikati yao, na Florentin akafungua mkutano.

"Ya kwanza ni loyer. Ili tusemezane vizuri, kila mlango useme unalipa nini. Tuandike, Mzee asikie."

Walisema mmoja mmoja. Sifa alitaja yake kwa sauti ya chini, maana ilikuwa kubwa kuliko zote, na wengine wakageuka kumtazama kwa mshangao. Zamu ikafika kiti cha mbele.

"Mama Prezida, yako naandika kama yangu," Florentin akasema kwa wema, kalamu tayari. "Tunalipa bei moja, si vile?"

Mounira akainamisha macho.  Mzee asingesema, kwa kuwa kiapo na siri yake vilikuwa mali ya Mama Mbambu. Mtoto wa Sifa alikuwa amepakatwa na Mama Mbambu mwenyewe, anatafuna ncha ya kitenge chake. Neno moja tu, ndiyo, na kalamu ingeandika, na maisha yangeendelea, na angeendelea kuwa mama wa wote.

"Usiandike vile," akasema. Akataja kodi yake. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza, akataja mengine: kiapo, swali la kila mwezi, jibu lake la kila mwezi, na ule mstari wa chini wa barua. Alieleza pia upungufu wa mlango wake ulivyokuwa unajazwa, na ulijazwa na nani hasa.

Hakuna aliyempigia kelele, na kelele Mama Mbambu angezivumilia. Florentin aliitazama karatasi yake kama mtihani wa mwanafunzi aliyemtegemea. Wa kwanza kusogea alikuwa Sifa. Aliinuka, akaja mpaka kwenye kiti cha mbele, akaivuta ncha ya kitenge kutoka mdomoni mwa mtoto wake, akamchukua na kurudi naye kwenye dumu lake.

Mkutano uliendelea, na ulizaa matunda, wala sitaki kusema vinginevyo. Kodi ya Sifa ilishushwa palepale, ya wengine ikarudi ilivyokuwa kabla ya mvua za mwaka jana, na haitaguswa tena bila kikao. Mabati yataanzia kwa Sifa, kisha ukuta, choo mwisho. Mama Mbambu alisema atalipa kodi yake kwa Mzee kama kiapo kinavyotaka, na tofauti yake ataitia kila mwezi kwenye mfuko wa matengenezo wa chama. Waliandika. Hakuna aliyemwambia asante, naye hakuingoja. Kisha Mzee akasema anahitaji macho mengine katika nyumba hii, na wapangaji wote, kwa sauti moja, wakamtaja Sifa.

"Sifa, mwanangu," Mzee akaita, akinyoosha mkono hewani kumtafuta. "Kila mwezi nitakuuliza. Nyumba iko namna gani?"

"Leo inavuja, Mzee," Sifa akajibu.

Kabla pirogi haijafika ng'ambo mawingu yalikuwa yamejaa tena. Watu walikimbiza viti. Mama Mbambu akaharakisha kutandika shuka safi kitandani, akasogeza mto ukutani ili mtoto asianguke, akafungua mlango wake wazi kabisa na kusimama kizingitini.

"Sifa! Mulete mutoto. Mvua hiyo."

Sifa alimsikia. Alikuwa uani, mtoto mgongoni, anavuta turubai kuukuu kuelekea chumba chake kisicho na plafo, na Florentin alikuwa amepanda juu ya meza anamsaidia kulifunga. Matone ya kwanza yakaanguka juu ya mabati, upande wa mto kwanza.

"Tutakaa huku, Mama," akasema, kwa heshima zote, akaingia ndani.

Mama Mbambu alibaki mlangoni na mvua ikaja. Chumba chake kilikuwa kikavu mpaka pembe za mwisho, na shuka ilikuwa imenyooka. Hakuufunga mlango mpaka ilipokatika.